Namba mbili zimegeuzana

Mama Kulwa wa Mwaloni pale Kirumba alikuwa na magunia manne ya dagaa stoo na mbalamwezi ndo inaingia, yaani wavuvi wanapumzika, karabai hazina kazi ziwani mpaka giza lirudi, na mwenye mzigo kipindi hicho ndo anauza kwa bei ya maana. Doto, mwanae, akamfungulia duka mtandaoni. Mama akaandika tangazo mwenyewe usiku, akalirusha stetasi na kwenye magrupu yote, watu wakalisambaza mpaka kwa watu wasiomjua kabisa.

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Akaanza kuwaza labda picha mbaya, labda bei, akapunguza bei (hapo ndo roho inaniuma, mtu anajishusha bure na mzigo wake safi). Doto anarefreshi simu kila saa, hamna oda hata moja.

Jumatano jioni ikaingia simu ya namba ngeni.

"Shikamoo mama. We ndo Mama Kulwa wa dagaa?"

"Marahaba mwanangu, ndo mimi."

"Mama, wateja wako wako kwangu huku Iringa. Mi nauza viatu vya mtumba."

Akamwelezea. Linki ya duka lake inaishia `/duka/4417`, ya mama inaishia `/duka/4471`, na kwenye tangazo mama kaandika ya huyo kijana. Watu wanafungua wanakuta raba, wengine wanaondoka, wengine wanaandika tu inboksi humohumo. Namba ya mama alihangaika nayo kweli, akamwomba mteja mmoja skrinshoti ya tangazo, akaona Mwaloni Kirumba, akampa kondakta wa basi la Mwanza ujumbe aulizie.

"Nimewaandika wote kwenye daftari mama. Kuna dada wa Dodoma anataka sado mbili, mzee wa Singida anataka debe ila anasisitiza wasiwe na mchanga, amenirudia mara tatu na huo mchanga. Kuna mmoja alituma elfu thelathini bila hata kuangalia, nimemrudishia."

Mama Kulwa akakaa juu ya gunia. Kijana hamjui, angeweza kula hiyo hela akanyamaza.

"Mwanangu, na yale matangazo yaliyosambaa nayafutaje?"

"Huwezi mama, yako kwenye simu za watu. Ila mi nimeshaweka linki yako juu kabisa kwenye ukurasa wangu, anayetafuta dagaa abonyeze hapo aje kwako. Itakaa tu, hainisumbui."

Doto alishachukua kalamu. Mama akamwambia kijana asome majina polepole, aanze na huyo mzee wa Singida, halafu akamwita dada wa chekeche aanze kuchekecha debe zima upya.

"Na wewe unavaa namba ngapi... eeh, samahani, unakula dagaa kiasi gani huko kwenu?"

"Sado moja inatosha mama."

"Nakutumia debe. Taja jina la basi."