Msawazo wa Kikemia Ukivurugwa: Maelezo ya Maabara kwa Kidato cha Tano, Chake Chake

Msawazo si mmenyuko uliosimama. Wa kwenda na wa kurudi yote inaendelea, ila kwa kasi moja, ndiyo maana rangi haibadiliki. Ukibadili ukolezi, kanieneo au jotoridi, kasi zinatofautiana na mchanganyiko unahama mpaka zilingane tena. Kanuni ya Le Chatelier inaonyesha unahamia wapi: upande unaopunguza badiliko ulilolifanya. Kupunguza, si kulifuta. Hapo wengi hupoteza alama.

Tuanze na ukolezi:

Fe³⁺ + SCN⁻ ⇌ FeSCN²⁺

Tia FeCl₃ na KSCN, zote za 0.1 M, sentimita ya ujazo 1 kila moja, ndani ya maji sentimita za ujazo 50. Rangi iwe kama chai ya rangi nyepesi. Ikiiva sana ongeza maji, la sivyo hutaona tofauti yoyote. Gawa katika testi tyubu nne. Ya kwanza iache ya kulinganishia. Ya pili tia tone la FeCl₃, ya tatu tone la KSCN: zote zinakoza wekundu wa FeSCN²⁺. Ya nne tia NaOH: Fe³⁺ inatoka ikiwa mashapo ya Fe(OH)₃ ya rangi ya kutu, msawazo unarudi kushoto, wekundu unapotea.

Kanieneo linahusu gesi, tena pale tu idadi ya moli za gesi inapotofautiana pande mbili. Chukua N₂O₄ ⇌ 2NO₂ katika bomba la sindano lililozibwa. (Mwalimu afanye mwenyewe, penye hewa ya kutosha, NO₂ ni sumu.) Ukibana ujazo uwe nusu, kahawia ya NO₂ inakoza ghafla, kisha inafifia kidogo, lakini haifiki wepesi wa mwanzo. Kwa nini? Kila ukolezi umezidishwa mara 2, hivyo Q, yaani uwiano wa ukolezi wa sasa, imekuwa mara mbili ya Kc, uwiano huohuo kwenye msawazo:

Q = (2[NO₂])² ÷ 2[N₂O₄] = 2Kc

Q imeizidi Kc, basi NO₂ inaungana kuwa N₂O₄ isiyo na rangi. Kuongeza argoni, gesi isiyoshiriki mmenyuko, bila kubadili ujazo hakuhamishi kitu, kwa sababu ukolezi wa gesi hizi mbili uko vilevile.

Jotoridi ni kesi nyingine kabisa: hilo peke yake ndilo linalobadili Kc yenyewe. Kuivunja N₂O₄ kunameza joto, takriban kJ 57 kwa moli, hivyo kwenye maji ya moto Kc inapanda na kahawia inakoza. Kwa kulinganisha tumia barafu. Maji ya bomba ya huku yana uvuguvugu.

Katika N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃, ΔH = −92 kJ, ubaridi unaongeza sehemu ya amonia lakini mmenyuko unakwenda polepole mno. Viwanda huchagua karibu 450 °C na atm 200, pamoja na chuma. Chuma hicho ni kichocheo: kinawahisha msawazo kufika, hakiongezi amonia iliyomo ukishafika.