Barua ya Kumuaga Meneja Wangu

Malaba,
Ijumaa, 31 Oktoba 2025.

Kwa Bwana Meneja,

YAH: KUAGA

Leo ni siku yangu ya mwisho katika ofisi hii. Barua rasmi ya kujiuzulu uliipokea tarehe 30 Septemba, na notisi ya mwezi mmoja, ambayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka aliyefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja lakini chini ya mitano aitoe, imekamilika. Kwa hiyo hii ninayokuachia mezani haina jambo la kisheria ndani yake. Ni ya kuaga tu. Nimeona si adabu, baada ya miaka minne na miezi tisa, nipite mbele ya mlango wako na mkoba mkononi bila kusema neno.

Nilianza kwa kuandika yale ambayo watu huandika siku kama hii, kwamba nimefurahia kila siku ya kufanya kazi chini yako na kwamba ofisi ilikuwa nyumba yangu ya pili. Nikaichana. Ungeisoma ukajua si kweli, nami ningekutana nawe getini nikijua kwamba umejua. Hatukuwa karibu, Bwana Meneja, na sidhani kwamba kwa kusema hivyo nakupa habari mpya. Lakini kutokuwa karibu na mtu hakumzuii aliyefundishwa naye kushukuru pale shukrani inapostahili, na zipo sehemu ambapo nadaiwa.

Ya kwanza ni penseli yako. Nilipoanza kazi Februari 2021 nilidhani najua kuandika entri, kwa kuwa nilikuwa nimesomea forodha na cheti ninacho. Siku ya pili ukanirudishia karatasi sita, kila moja ikiwa na duara dogo la penseli kuzunguka tarakimu mbili za mwisho kati ya zile nane za ushuru, bila maelezo yoyote. Nilikasirika, kwa maana nilitaka nielezwe. Ilinichukua majuma kadhaa kuelewa kwamba ulitaka nifungue jedwali mwenyewe na kusoma maelezo ya sura nzima, badala ya kunakili namba kutoka faili la mteja wa mwezi uliopita. Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoongezewa kiwango cha nne cha asilimia 35, juu ya kile cha 25 kilichokuwa cha mwisho, ulituamuru turudie kila entri ambayo ilikuwa haijalipiwa. Nilinung'unika kama wengine. Katika faili la tatu nikakuta shehena niliyoiandikia 25 wakati jedwali jipya lilisema 35, na mzigo ulikuwa bado njiani kutoka Mombasa. Nilisahihisha, nikanyamaza, sikukwambia. Nakwambia leo. Hadi sasa nikimaliza entri hujikuta nikitafuta penseli, na huko Kampala ninakokwenda nitakwenda na tabia hiyo.

Ya pili ni Januari 2022, madereva walipogomea kipimo cha korona na malori yakasimama upande wa Kenya kwa kilomita nyingi. Wateja walikuwa wakipiga simu tangu alfajiri, na baadhi yao hawakuwa na ulimi mzuri. Ulihamisha simu ya ofisi kutoka kwenye meza yetu ukaiweka kwenye yako, ukaipokea mwenyewe hadi mgomo ulipokwisha. Hukusema kwa nini, na hakuna aliyekuuliza. Sisi makarani tulipata nafasi ya kufanya kazi.

Tatu, mama yangu alipofariki nilikuwa Tororo siku tano. Niliporudi nilitegemea kukuta rundo, nikakuta mafaili yangu yote yamesogezwa mbele, yamepangwa kwa tarehe ya kuingia mpakani, na duara za penseli hazikuwepo kwa sababu aliyeyajaza alikuwa mwenye penseli. Nilishindwa kukushukuru wakati ule, kwani wewe ulikuwa umekwisha kuniuliza juu ya lori lililokuwa limekwama kwenye mizani. Asante.

Niongeze, kwa sababu katika mji huu si ofisi zote zinazoweza kusemewa hivyo, kwamba nimekagua taarifa yangu ya NSSF na sikukuta hata mwezi mmoja uliorukwa, wala wa asilimia 5 iliyokatwa kwangu wala wa 10 iliyopaswa kutoka ofisini. Mshahara nao haukupata kuchelewa. Mtu akiniuliza juu yako, hilo nitalisema kabla hajauliza swali la pili.

Lipo jambo moja ambalo tulitofautiana, nalo ni namna ya kumsahihisha mfanyakazi dirishani, mbele ya madereva na matandiboi wao. Nililisema mbele yako mwaka jana, mlango ukiwa umefungwa, ukanisikiliza mpaka mwisho, na baadaye kila mmoja wetu akabaki na mawazo yake. Sikuja kulifufua hapa, kwani lililosemwa uso kwa uso halihitaji kurudiwa kwa karatasi siku ya kuondoka, mahali ambapo mwenzako hana nafasi ya kujibu. Nalitaja kwa sababu barua ambayo ingeliruka ingekuwa imekuficha kitu, na kwa sababu nami nina sehemu yangu: kwa muda wa mwaka mzima kabla ya mazungumzo yale nilinuna badala ya kusema, nikawa najibu maswali yako kwa neno moja, na bila shaka hilo halikuifanya kazi yako iwe nyepesi. Kwa hilo naomba radhi.

Kuhusu kazi yenyewe, mafaili manne ya transiti bado dhamana zake hazijafutwa. Nimeyaweka juu kabisa kwenye trei ya kushoto, na ndani ya kila moja nimeandika muhuri wa kielektroniki uliondolewa wapi na nani wa kufuatiliwa. Lile la mteja wa Kisangani ndilo la kuharakishwa, kwa kuwa mwenye mzigo hupotea mtandaoni kila anapovuka mpaka, na akishapotea hupatikana baada ya juma zima. Akaunti yangu ya ASYCUDA nimeomba ifungwe kuanzia saa kumi na moja jioni ya leo, ili pasiwe na entri itakayobeba jina langu nikiwa sipo. Fedha ndogo za ofisi tumezihesabu asubuhi na mhasibu, sote wawili tumetia sahihi, na risiti ziko kwenye bahasha ya kaki.

Ninaomba, utakapopata nafasi, uniandikie cheti cha utumishi chenye tarehe, cheo na kazi nilizofanya. Sifa si lazima. Ukiona ipo inayonistahili nitaipokea kwa shukrani, na usipoiona nitaelewa, maana nami nimeiandika barua hii kwa kipimo hichohicho.

Nakutakia afya njema na kazi njema, wewe na wote ninaowaacha hapa.

Funguo za kabati nimemkabidhi mlinzi wa zamu ya mchana. Ule wa droo ya chini una kasoro: anayeutumia auinue kidogo kabla ya kuuzungusha, la sivyo utakatikia ndani.

Wako mtiifu,

Zaituni
Karani wa forodha