Andalio la somo: Milango mitano ya fahamu

Darasa la awali, watoto 24, dakika 30.

Vifaa: mfuko wa kitambaa cheusi, kengele ndogo, karafuu, dodoki, limau na ndizi mbivu. Karatasi ya kila mtoto ina michoro mitano: jicho, sikio, pua, ulimi, mkono.

Kaeni duara mkekani. Mwalimu: "Kitendawili!" Watoto: "Tega!" Mwalimu: "Kimo mfukoni, hukioni. Ni nini?" Mtoto mmoja aingize mkono bila kuchungulia, awaambie wenzake anachohisi: kinakwaruza au laini? Usimharakishe. Akisema "kama ndevu za babu" kwa dodoki, amepatia. Chukua neno lake, kisha mwongezee "kinakwaruza".

Kengele itikiswe ndani ya mfuko. Karafuu zinuswe macho yakiwa yamefumbwa; weka chache kwenye kitambaa kilichofungwa, zisije zikaingia puani. Limau na ndizi zionjwe mwisho, baada ya kunawa mikono, na vipande vikatwe na mwalimu. Waulize wazazi mapema kama kuna mtoto mwenye mzio. Waambie watoto waziwazi: hatuonji kitu tusichokijua.

Baada ya kila kitu, mtoto apake rangi mchoro wa mlango alioutumia. Limau litawachanganya: wengine watapaka pua, wengine ulimi, wengine vyote. Yote ni sahihi. Muulize, "Ulijuaje?" na uandike jibu lake nyuma ya karatasi, kwa maneno yake mwenyewe.

Jicho litumike mwisho kabisa, baada ya kuonja: mwaga vitu vyote mkekani, wavitazame.