Jipime: ujazo wa mapafu na ubadilishanaji wa gesi

Funika majibu kwa karatasi, andika ya kwako kwanza, ndipo ulinganishe. Takwimu ni za mwanamume mzima mwenye afya. Kwa wanawake na watu wafupi huwa ndogo zaidi. Swali la 4 ulifanye mara mbili, siku mbili tofauti. Ndilo litakalokusaidia zaidi wodini.

1. Ujazo wa pumzi ya kawaida ni nini?
Ni hewa inayoingia au kutoka katika pumzi moja mtu akiwa ametulia: takriban mililita 500.

2. Mgonjwa amevuta hewa hadi mwisho, kisha akapuliza hadi mwisho. Kiasi alichopuliza kinaundwa na nini?
Kina sehemu tatu: pumzi ya kawaida (500), akiba ya kuvuta (3,000) na akiba ya kutoa (1,100). Jumla ni mililita 4,600, nao ndio uwezo hai wa mapafu.

3. Kwa nini spiromita ya kawaida haipimi uwezo wote wa mapafu?
Spiromita hupima hewa inayopita ndani yake tu. Hata mtu apulize kwa nguvu zake zote, karibu mililita 1,200 hubaki kifuani. Huo ni ujazo baki. Ukiujumlisha na uwezo hai unapata takriban 5,800. Usiuone kama hewa isiyo na kazi: huzuia vifuko hewa visisinyae, na damu huendelea kupata oksijeni kati ya pumzi moja na nyingine.

4. Mgonjwa A anapumua mara 12 kwa dakika, mililita 500 kila pumzi. Mgonjwa B anapumua mara 24, mililita 250. Nani anapata hewa zaidi kwenye vifuko hewa?
Ukizidisha tu, wote wana mililita 6,000 kwa dakika, na wanafunzi wengi huishia hapo. Lakini katika kila pumzi kama mililita 150 huishia puani, kooni na kwenye mirija, mahali ambapo gesi hazibadilishwi. Eneo hilo huitwa nafasi mfu.

A: (500 − 150) × 12 = 4,200
B: (250 − 150) × 24 = 2,400

B anapata karibu nusu ya A, ingawa anahangaika zaidi. Kwa hiyo unapohesabu pumzi, tazama pia kifua kinapanuka kiasi gani. Idadi peke yake inaweza kukudanganya.

5. Taja sifa tatu zinazofanya vifuko hewa vifae kubadilishana gesi.
Eneo kubwa (kama mita za mraba 70 kwa jumla), ukuta mwembamba sana usiofika hata mikromita moja, na kapilari nyingi zilizovizunguka.

6. Ni nini kinachosukuma gesi kupita ukutani?
Tofauti ya shinikizo la kila gesi. Oksijeni ina takriban milimita 100 za zebaki katika kifuko hewa na 40 katika damu inayofika, hivyo huingia kwenye damu. Kabonidayoksaidi ina 45 katika damu na 40 katika kifuko, hivyo hutoka. Mwili hautumii nguvu yoyote kuzivusha.

7. Maji yakijaa mapafuni, kwa nini oksijeni hushuka mapema kuliko kabonidayoksaidi inavyopanda?
Kabonidayoksaidi hupenya kwa urahisi takriban mara 20 kuliko oksijeni, kwa sababu huyeyuka vizuri zaidi katika majimaji. Isitoshe, mgonjwa huanza kuhema haraka na kuitoa nje. Ikianza kupanda kwa mgonjwa aliyekuwa akihema hivyo, huenda amechoka: mwite daktari mara moja.

8. Oksijeni husafirije, na kwa nini 90% kwenye kipimo cha kidoleni ni onyo?
Zaidi ya 97% hubebwa na hemoglobini. Iliyobaki huyeyuka katika utegili. Mchoro wa hemoglobini na oksijeni una umbo la herufi S. Juu ni tambarare: shinikizo likishuka kutoka 100 hadi 60, kipimo hushuka hadi takriban 90% tu. Chini ya hapo mteremko ni mkali, na mgonjwa anaweza kuporomoka ghafla.

9. Kabonidayoksaidi je?
Karibu 70% huwa bikabonati, takriban 20% hushikana na hemoglobini, iliyobaki huyeyuka.

10. Mtu ameokolewa kwenye chumba chenye moshi. Kipimo cha kidoleni kinasoma 99%, lakini amechanganyikiwa na kichwa kinamuuma. Eleza.
Fikiria sumu ya kabonimonoksaidi. Gesi hii hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kipimo cha kawaida hakiwezi kutofautisha hemoglobini iliyobeba kabonimonoksaidi na ile iliyobeba oksijeni, ndiyo maana namba inapendeza. Mpe oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa yenye mfuko, toa taarifa, na damu ichukuliwe kwa kipimo cha maabara kinachotofautisha gesi hizo.