Barua ya kuongeza mkataba wa pango, nyumba ya Mwanga

Mwanga, Kigoma
9 Novemba 2025

Mama Zuhura,
Tabora.

YAH: KUENDELEA NA PANGO BAADA YA 31 DESEMBA 2025

Mama, shikamoo. Sisi huku wazima, watoto wanakusalimia, na mama yao amenihimiza niseme salamu zake peke yake nisizichanganye na zangu. Barua hii anakuletea Shabani, anasafiri na treni, na amebeba na kifurushi chako: dumu dogo la mawese na migebuka iliyokaushwa. Uliponipigia mwezi uliopita kuniuliza kama nabaki, nilikuambia nyumba ya Kibirizi imenivutia na nakwenda kuitazama. Nimeitazama. Tunabaki hapa Mwanga, na nimeona nikueleze kwa maandishi ilivyokuwa, kwa sababu mambo matatu ninayokuomba yametokana na hayo hayo.

Kibirizi ilinivuta kwa sababu unayoijua. Kazi yangu ni mashine za boti, na wateja wangu wote wako mwaloni. Hapa nateketeza nauli ya bodaboda kila siku, na mwenye boti akikwama usiku kabla hajaondoka kuvua, anamwita fundi aliye jirani. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na sebule kama hii yako, ila ina malumalu, dari la jipsamu, choo ndani, na rangi mpya bado inanuka. Dalali alikuwa anafungua milango kama anauza dukani.

Sasa mama, mimi nimeishi na maji haya miaka mingi. Nikainama kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, upande unaotazama ziwa. Chini ya rangi mpya kulikuwa na mstari unaopita ukuta mzima, usawa wa goti langu, na kuanzia hapo kwenda chini rangi imeanza kutoa mabaka na unga mweupe. Niligusa kwa kucha, plasta ikadondoka. Dalali akasema ni unyevu wa bafu, lakini bafu liko upande wa pili wa nyumba. Ziwa lilipopanda 2024 wote tuliona lilikofika, na watu wa ufukweni walihama na vitanda vyao kichwani. Siwezi kumlaza mtoto katika chumba ambacho maji yameshakionja, eti kwa sababu kina malumalu.

Halafu ikaja hesabu. Kodi pale ni 130,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka mwaka mzima mkononi, yaani 1,560,000. Juu yake dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Hiyo ni 1,690,000 kabla sijakodi mkokoteni wa kuhamisha kabati. Umeme ni mita moja kwa familia tatu, na mama, unajua mita ya kushea inavyogombanisha watu: mmoja anapika kwa jiko la umeme, mwingine ana taa mbili, na LUKU ikiisha usiku kila mtu anajifanya amelala. Hapa nina mita yangu. Mama Asha naye anatembea kwa miguu hadi meza yake sokoni Mwanga, na watoto shule iko karibu. Nikiweka nauli yangu upande mmoja na hayo yote upande mwingine, nauli haifui dafu.

Lakini kilichonifanya nikate shauri hakimo katika hesabu hiyo. Serikali ilipofunga ziwa lipumzike, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, boti zilivutwa nchi kavu na mafundi tukakaa. Boti isiyokwenda majini haiharibiki mashine. Kodi ya miezi sita ilikuwa inaniangukia katikati ya kipindi hicho. Wewe uliniambia nilipe mwezi kwa mwezi, na mwezi wa Julai ulipokea nusu bila kuniuliza mara mbili. Nilipomuuliza yule wa Kibirizi ziwa likifungwa tena itakuwaje, alinijibu kwamba kodi haihusiani na samaki. Ni haki yake, nyumba ni yake. Ila mimi najua nyumba ipi nitalala usingizi.

Sasa niseme ninachoomba, na usinione mwenye makuu.

Kwanza ni kodi. Sasa nalipa 120,000, na umesema kuanzia Januari iwe 150,000. Naelewa bei za vitu, na sijasahau kwamba hujapandisha tangu nihamie. Naomba iwe 135,000, nilipe miezi sita kwa mkupuo kama kawaida. Ukisema 140,000 sitahama kwa sababu ya hiyo elfu tano, ila nitakuwa nimenung'unika kidogo, na ni vizuri ujue mapema.

Pili ni kodi ya jengo. Ile 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU ni ya mwenye nyumba, ila mita iko kwangu kwa hiyo inatoka mfukoni mwangu. Zilizopita nimezisamehe, sizidai. Kwenye mkataba mpya naomba tuandike kwamba zitapunguzwa kwenye pango: kwa miezi sita ni 9,000. Tukikubaliana 135,000, badala ya 810,000 nitakutumia 801,000, na risiti za LUKU nitakuwekea.

Tatu ni bati. Upande wa jikoni, pale karibu na bomba la moshi, misumari imelegea na mvua zimeshaanza. Jumatano maji yalidondoka kwenye gunia la mkaa. Nimepanda mwenyewe kutazama: bati lenyewe bado zima, linataka misumari mipya yenye mpira na bati moja la pembeni kubadilishwa kwa sababu kutu imekula ukingo. Nitanunua vifaa na kumlipa fundi, halafu nitakutumia picha na risiti kabla hujakata chochote kwenye kodi. Ukipenda utume fundi wako ni sawa, ila aje kabla ya Desemba, maana mvua za Desemba hazina mzaha.

Na kipengele kimoja naomba kiingie kwa maneno yako mwenyewe: ikitokea ziwa likafungwa tena, kwa miezi hiyo tu nilipe mwezi kwa mwezi, kila tarehe 5, na ziwa likifunguliwa turudi kwenye miezi sita. Ulishanifanyia bila karatasi. Nataka liandikwe kwa sababu siku moja huenda nyumba ikasimamiwa na Zuhura au kaka yake, na wao hawakuwepo tulipozungumza.

Mkataba nimeuandika nakala tatu na Shabani anazo. Nimeacha kiwango cha kodi ukijaze wewe kwa kalamu yako. Ukiridhika, saini zote na umpe Shabani, anarudi wiki ijayo. Nitazipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri, nakala moja abaki nayo, moja yako, moja yangu. Siku nikizipokea ndiyo siku nitakayotuma hela kwenye namba yako ileile, na nitakupigia kwanza nisikie sauti yako, maana siku hizi matapeli wanatuma meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" kila asubuhi.

Migebuka usiioshe kwa maji ya moto, itavunjika.

Mpangaji wako,
Hamisi (Baba Asha)