Fomu ya Ufuatiliaji wa Magnesiamu Salfeti: Priklampsia Kali, Kitanda Namba 4, Wodi ya Wazazi

Mama ana umri wa miaka 23, mimba ya kwanza, wiki ya 36. Amepokelewa saa 07:40 akiwa na shinikizo la damu 172/114, protini +++ kwenye mkojo, kichwa kinachouma sana na macho yanayoona ukungu. Hajapata degedege. Saa zote humu zimeandikwa kwa mfumo wa saa 24, ili zamu ya usiku isichanganye saa mbili asubuhi na saa mbili usiku.

Dozi ya kuanzia, saa 08:00. Gramu 4 zimechomwa kwenye mshipa taratibu kwa dakika 15 (mililita 8 za dawa ya asilimia 50 zikichanganywa na mililita 12 za maji ya sindano), kisha gramu 5 kwenye kila tako, zikiwa na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2 ndani ya bomba hilohilo. Mama alilalamika kuwa uso unawaka na mwili umepata joto. Hali hiyo ni ya kawaida wakati dawa inaingia, wala si dalili ya sumu. Dozi ya kuendeleza ni gramu 5 kwenye msuli kila baada ya saa 4, kwa kubadilisha tako, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote litakalochelewa.

Vipimo na muda wake. Wakati wa dozi ya kuanzia, upumuaji, mapigo na shinikizo la damu hupimwa kila dakika 5, halafu kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, na baada ya hapo kila dakika 30 pamoja na mapigo ya moyo wa mtoto. Rifleksi ya goti na mkojo huandikwa kila saa, na joto kila saa 4. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, mkono ukiwa juu ya kifua cha mama. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne hakukubaliki kwenye fomu hii. Akipewa ganzi ya uti wa mgongo, goti halitaaminika, hivyo ipimwe rifleksi ya kiwiko.

Kabla ya kila dozi lazima mambo matatu yawepo kwa pamoja: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, rifleksi ya goti, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa 4 zilizopita. Likikosekana moja, dozi haitolewi na daktari anaitwa. Mkojo unahesabika hapa kwa sababu magnesiamu hutolewa na figo. Figo zikilegea, dozi iliyokuwa salama asubuhi hujilimbikiza ikawa sumu jioni.

| Saa | Pumzi | Goti | Mkojo wa saa 4 | Shinikizo | Uamuzi |
|---|---|---|---|---|---|
| 12:00 | 18 | ipo | ml 180 | 148/96 | Gramu 5, tako la kushoto |
| 16:00 | 17 | dhaifu | ml 95 | 150/98 | Dozi imezuiwa, daktari ameitwa |
| 18:00 | 18 | ipo | ml 120 | 146/94 | Gramu 5, tako la kulia |

Saa 16:00 mrija wa mkojo ulikaguliwa, haukuwa umejikunja wala kuziba. Daktari alifika saa 16:10 na kuagiza kreatinini. Mkojo ulikuwa mililita 35 saa 17:00 na 45 saa 18:00, ndipo aliporuhusu dozi. Dozi ijayo ni saa 22:00, si saa 20:00.

Dalili za sumu. Kwa kawaida rifleksi ya goti hupotea kwanza, kisha pumzi hupungua, na mwisho moyo husimama. Ulimi mzito, kuona viwili viwili, misuli kulegea na usingizi usio wa kawaida ni sababu tosha ya kupima upya papo hapo. Pumzi zikishuka chini ya 16 au goti lisipoitika, usitoe dawa, weka oksijeni na ubaki na mama. Pumzi zikiwa chache mno au zikisimama, anza kumpumulisha kwa mfuko wa ambu na toa kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, kwenye mshipa taratibu kwa dakika zisizopungua 3, bila kungoja majibu ya maabara. Ampuli hiyo na bomba lake vimebandikwa kwa plasta kwenye kichwa cha kitanda namba 4, na visihamishwe.

Degedege likitokea, ongeza gramu 2 kwenye mshipa kwa dakika 5, baada ya kuhakikisha pumzi na goti.

Makabidhiano, saa 19:00. Pumzi 18, goti lipo, mkojo wa saa moja mililita 40, moyo wa mtoto 142. Uchungu ulioanzishwa unaendelea, njia imefunguka sentimita 5.