Kofia yako haiko Chamwino kaka

Hahahaaa kaka umenivunja mbavu, eti upepo wa Dodoma umekupokonya kofia pale Sabasaba ukaikuta Chamwino ishakunywa chai 😂😂 Ila hapo nakukatalia kidogo, mwezi wa saba huu upepo wetu unatokea mashariki unasukumia magharibi, sasa Chamwino si ndo iko mashariki, kofia iende huko kwa nauli ya nani? Hiyo saa hizi ipo Bahi inauliza bei ya mchele, ikipitiliza basi kesho asubuhi tunaipokea Manyoni.

Mi jana nimeanika shuka nikalibana vibanio kila pembe, kugeuka hivi halipo, kimebaki kibanio kimoja kimeng'ang'ania kamba kama konda mlangoni. Nimelikuta kwa mama jirani keshalikunja vizuuri, ananiambia "mwanangu hili limeingia lenyewe likakaa kwenye kochi, nikaona nilikaribishe tu" 😂 Huyo mama nampenda jamani.

Mnaokuja mwezi wa nane kula zabibu karibuni sana Dom, kofia njooni na yenye kamba. Na mliopo Bahi mshikieni kaka yetu kofia yake, kasema ni ya bluu